Tempe au tofu, ipi ina protini zaidi?

"Nataka protini bila mafuta mengi, nichukue tempe au tofu? Na ile kuchachushwa inasaidia nini?"

Mi ningechukua tempe, ile soya iliyochachushwa ikashikana kipande, ila kwa mafuta haikusaidii. Gramu 100 za tempe zina protini kama gramu 19 hivi na mafuta kama 11, tofu ngumu inacheza 12 mpaka 17 kwa protini na mafuta 8 au 9, na ile laini iko chini zaidi kwa sababu imejaa maji.

Tofauti kubwa ni faiba. Tofu inatengenezwa kwa maziwa ya soya, yanachujwa kwa kitambaa na yale makapi yanabaki nje, sasa faiba karibu yote imeondoka nayo hapo. Tempe wanatoa maganda tu, punje zenyewe zinabaki, ukikata kipande unaziona kabisa zimeshikana na utando mweupe.

Huo utando ni ukungu, ndio unaochachusha soya, unakua kwenye joto la nyuzi 30 hivi kwa siku moja au mbili, na hauongezi protini kama watu wanavyodhani! Kazi yake ni kuanza kuimeng'enya soya mapema, afu unapunguza faiteti, ile inayokamata madini ya chuma na zinki, so mwili unayapata vizuri zaidi, na gesi tumboni inapungua pia. Vitamini B12 usiitegemee huko.

Madoa meusi kidogo yasikutishe, ila ikiteleza au ikinuka amonia kali tupa.