Acha kumwandikia "una akili sana", mwambie kilichotokea kwenye hesabu

Mi nafundisha tuisheni ya hesabu barazani kwetu hapa Mikindani, darasa la sita, na kwa miaka nilikuwa na mihuri miwili tu kichwani: "hongera, una akili" na "mvivu wewe". Zote mbili zinamsema mtoto, hazigusi hesabu.

Kuna binti mmoja alinifungua macho. Nimempa 3/4 + 1/6 akaandika 4/10, yaani kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Zamani ningepiga kosa jekundu na neno "makini!" nikaendelea, sa mtu anakuwaje makini wakati hajui kakosea wapi? Siku hiyo nikamuuliza tu, robo tatu peke yake ni ngapi kwa desimali? 0.75. Na 4/10 je? 0.4. Akanyamaza, akacheka: "Tisha, nimeongeza halafu imepungua!" Hapo ndo nikamwambia atafute KDS ya 4 na 6, akapata 12, ikawa 9/12 + 2/12 = 11/12, na maswali mengine akaenda mwenyewe.

Ishu nyingine ni muda. Mtu akiwa ndo kwanza anajifunza kitu, mwambie papo hapo, mi napita kukagua wakishamaliza swali la pili, maana ukingoja kumi ziishe ameshalifanyia kosa mazoezi mara kumi na kulitoa ni kazi. Ila akishaijua njia usimrukie, akikwama mwache ahangaike kidogo, yale ya "kwa nini ulichagua 24 wakati 12 inatosha" yanaweza kungoja kesho yake na yanamfikirisha zaidi. Nikiwahi kumsaidia, huwa naona dalili: anaandika mstari mmoja halafu ananitazama usoni.

Maksi nazo, asee. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alilinganisha wanafunzi waliopewa maoni matupu, maksi tupu, na maksi pamoja na maoni. Wa maoni matupu ndo walioimarika, wale waliopewa vyote viwili hawakupata faida hiyo. Mi naamini kabisa, mtoto akiona 4/10 juu ya daftari (hiyo ya maksi sasa) anageukia la jirani, maoni yangu hayasomi. Siku hizi maksi naandika baada ya masahihisho.

Sasa "una akili" aambiwe lini? Kwenye daftari, mi nimeacha kabisa. Akizoea kuitwa mwenye akili, swali gumu linakuwa hatari kwake, akikosa si ataonekana hana? Na "mvivu" ndo hamwachii hata pa kuanzia. Upendo nampa nje ya hesabu, tukikutana kwenye kivuko cha Msangamkuu namsalimia na kumtania.

Mama wa yule binti lakini bado ananilalamikia kwamba daftari halina hata "hongera" moja.