Barua ya babu: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu

"Barua ya babu ni ya Kiswahili lakini naona mikwaruzo tu. Nianzie wapi?"

Ndugu, ruka kwanza salamu za juu. Mara nyingi hizo ni Kiarabu chenyewe. Soma kutoka kulia, kwa sauti, maana sikio hutambua kabla ya jicho. Ugumu mkubwa ni kwamba Kiarabu kina alama 3 za irabu fupi, sisi tuna irabu 5: kasra, kistari kilicho chini ya herufi, yaweza kuwa i au e; dhuma, kama wau ndogo juu ya herufi, yaweza kuwa u au o. Tena herufi be mara nyingi hubeba b, p na hata mb. Ukikuta بَبَ, jaribu baba, papa, bamba, pamba. Kama kabla yake kuna "shamba la", ni pamba.