Ukiwa Signers, sikiliza gari linaishia wapi

Mdogo wangu mmoja aliyetoka Butembo kuja kusoma huku Goma ameniandikia: «Dada, konvoyeri anaita Mugunga, mimi nakaa Ndosho. Napanda au naacha?» Panda. Nami niliuliza swali hilohilo nilipokuwa mgeni, konvoyeri akanicheka mbele ya abiria wote na hakunijibu. Mpaka leo linaniuma, ndiyo maana wewe nakujibu kirefu.

Jina analoita konvoyeri ni mwisho wa safari, siyo orodha ya vituo. Kwa hiyo jua vituo vinavyofuatana. Ukishika barabara ya Sake kutoka Rond-point Signers, unakuta kwanza Entrée Présidence, halafu Ndosho, kisha Mugunga. Gari la Mugunga lazima lipite Ndosho. Linaloitwa Entrée litakuacha njiani, ulipe mara ya pili. Linaloitwa Keshero liache kabisa: hilo linashika njia ya Himbi, upande wa ziwa.

Jioni ndipo wanapotuchezea. Watu wakijaa, gari lilelile la Mugunga linaanza kuita Entrée tu. Likifika pale linaita upya, Ndosho, Mugunga, na kila kipande kina nauli yake. Kabla ya kukaa uliza: «Munafika Ndosho? Ni ngapi?» Uliza kwa sauti, mama aliye ndani asikie. Konvoyeri akigeuza maneno mbele ya safari, huyo mama ndiye atakayekutetea. Mimi mji huu nilifundishwa na akina mama wanaorudi na mizigo kutoka Birere. Wanajua bei, wanajua kituo, na hakuna konvoyeri wanayemwogopa. Kaeni karibu nao, wadogo zangu, muwasalimie.

Pesa nayo. Tangu benki zifungwe Januari 2025, noti ndogo ni shida na zilizochanika zinakataliwa. Kunja nauli kamili mkononi kabla hujapanda. Ukitoa noti kubwa, konvoyeri atakupa chenji moja wewe na abiria mwingine, mshuke pamoja mkatafute pa kuivunja, na yeye ameshaondoka. Huo si utani, ni kunyang'anya watu pesa zao, na tusiunyamazie.

Kingine nataka mkishike: Hiace nyingi usukani wake uko kulia, na mlango wa abiria unafunguka kushoto. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo mlango unakutupa katikati ya barabara, pikipiki zinakopita mbio. Fungua kidogo, tazama nyuma, ndipo ushushe mguu. Ukiwa na mtoto, shuka wewe kwanza, umpokee ukiwa umeubana mwili kwenye gari, kisha mzunguke nyuma yake. Dereva akipiga honi kukuharakisha, mwache apige.