HCT 24, ALT 160, BUN 45: anza kusoma wapi?

"Mbwa wangu kapimwa damu, HCT 24, ALT 160, BUN 45 ila CREA 0.9. Ndo ini na figo zimekufa?"

Hapana ndugu, anza na HCT, hicho ni kiasi cha chembe nyekundu, mbwa mzima huwa 37 mpaka 55 hivi, kwa hiyo 24 ndo tatizo lenyewe. ALT ni kimeng'enya cha seli za ini, hiyo 160 imepanda kidogo tu, damu ikipungua ini linakosa oksijeni na seli zake zinavujisha ALT, haimaanishi limeshindwa kazi. Sasa BUN ni taka ya protini inayotolewa na figo, figo zikifeli kwa kawaida inapanda pamoja na CREA, taka nyingine ya figo kutoa, ikipanda peke yake mi nawaza damu inavuja tumboni na anaimeng'enya kama nyama, au kaishiwa maji. Mchungulie kinyesi, kikiwa cheusi kinanata kama lami mrudishe kwa daktari leo leo. Ila kama kakonda sana CREA inadanganya, maana inatoka kwenye misuli, hapo omba wapime na mkojo umekolea kiasi gani. Na kama ana kupe waambie waangalie damu kwenye hadubini, vijidudu vya babesia vinavyoletwa na kupe vinapasua hizo chembe nyekundu. Fizi zikiwa nyeupe au anahema tu amelala, usisubiri kesho.