Wadhamini wako wanajua watapigiwa simu?

Afisa ajira anataka wadhamini watatu leo. Nitume majina kisha niwaarifu?

Waarifu kwanza. Mjibu afisa kwamba orodha itamfikia kesho asubuhi, kisha mpigie simu kila mdhamini. Usiulize tu kama unaweza kuweka jina lake. Uliza: "Utaweza kunielezea vizuri kwa kazi hii?" Msikilize anavyojibu. Akisita, au akisema "weka tu" bila hata kuuliza ni kazi gani, mshukuru na utafute mwingine. Mdhamini asiye na la kusema hukuharibia kuliko unavyodhani, maana ukimya wake kwenye simu una tafsiri yake.

Nimwandaeje bila kuonekana namfundisha la kusema?

Humfundishi, unamkumbusha. Chukua karani wa ghala aliyeondoka kazini miaka 4 iliyopita. Mwaka wake wa mwisho alikaimu usimamizi, na kwenye wasifu wake akaandika "msimamizi wa ghala". Afisa anamuuliza bosi wa zamani cheo chake, naye anajibu kwa nia njema kabisa: "Alikuwa karani wangu, kijana mzuri." Hakuna aliyedanganya, lakini mwombaji sasa anaonekana aliongeza chumvi.

Dawa ilikuwa kuandika "karani wa ghala, kaimu msimamizi kwa mwaka 1", kisha kumtumia bosi wasifu huohuo, tangazo la kazi na ujumbe mfupi: nilianza mwezi fulani, nikaondoka mwezi fulani, unakumbuka tulivyohesabu upya mzigo wote baada ya daftari kutokubaliana na rafu? Kazi hii mpya inahitaji hasa mambo hayo. Tukio moja au mawili yanatosha. Ukimtumia kurasa tatu hatazisoma.

Mweleze pia nani atampigia na lini. Watu wengi hawapokei namba wasizozijua, na afisa akikosa majibu huenda asirudie.

Umeacha kazi kwa ugomvi? Kubalianeni mapema mtaelezaje, na yawe ya kweli.

Bosi wangu wa sasa hajui kwamba natafuta kazi.

Usimweke. Weka aliyekusimamia kabla yake, au mwenzako wa ngazi ya juu anayetunza siri. Chini ya orodha andika: "Tafadhali wasiliana na mwajiri wangu wa sasa baada ya kunipa ofa, kwa idhini yangu." Maafisa wamelizoea ombi hili.

Kwenye orodha niandike nini?

Jina, cheo, taasisi, namba ya simu yenye msimbo wa nchi, barua pepe, na mstari mmoja wa uhusiano wenu: "alinisimamia 2019 hadi 2022". Huo mstari ndio wengi huusahau, na bila huo afisa hajui amuulize nini. Iwe kwenye ukurasa wake, si ndani ya wasifu, la sivyo namba za watu zitasambaa kila unapoomba kazi. Ila tangazo likitaka wadhamini ndani ya wasifu, fuata tangazo.