Mtumbwi unaonekana kwa macho, modeli haiuchori: tafuta kwenye nanga, kisha kwenye mchujo

Wanaoanza kazi ya kutambua vitu ndani ya picha huja na lalamiko moja mara kwa mara: kitu kiko wazi kabisa, lakini modeli haikuchora kisanduku juu yake. Wengi hukimbilia kuongeza picha au kurefusha mafunzo. Kabla ya hapo, jua kwanza kitu hicho kimepotelea wapi. Mara nyingi hupotea katika sehemu moja kati ya mbili, na dawa zake hazifanani. Moja iko mwanzoni, kwenye nanga, yaani visanduku ambavyo modeli huanzia; nyingine iko mwishoni kabisa, kwenye mchujo unaofuta visanduku vya ziada. Zote mbili hutumia hesabu moja, IoU, kwa hiyo tuanze nayo.

IoU ni eneo ambalo visanduku viwili vinashirikiana, likigawanywa kwa eneo lote ambalo viwili hivyo vinafunika. Chukua visanduku viwili vya pikseli 100 kwa 100 vilivyolaliana, kisha usogeze kimoja pikseli 20 kulia. Eneo la pamoja linabaki 8,000 na eneo lote ni 12,000, hivyo IoU ni 0.67. Kisogeze tena pikseli 20 kwenda chini: 6,400 kwa 13,600, yaani 0.47. Kwa macho ungesema visanduku hivyo bado vinakaribia kufanana. Zoea tofauti hiyo kati ya jicho na hesabu, kwa sababu kila kizingiti utakachokiweka kinafuata hesabu.

Sasa tuchukue kazi halisi: kuhesabu mitumbwi iliyoegeshwa ufukweni, kwa picha za droni za pikseli 4,000 kwa 3,000. Mtumbwi mmoja uliolala sambamba na upande mrefu wa picha una urefu wa pikseli 450 na upana wa 75. Unatumia modeli ya Faster R-CNN iliyomo kwenye maktaba ya `torchvision` bila kubadilisha chochote. Jambo la kwanza ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba programu hupunguza picha kabla ya kuisoma, ili upande mfupi uwe pikseli 800. Mtumbwi wako sasa ni 120 kwa 20. Vipimo vyote vya nanga vipigie hesabu kwa ukubwa huu, si ule wa droni.

Nanga ni visanduku vilivyotandazwa juu ya picha yote kabla modeli haijaona chochote. Modeli hujifunza kuchagua nanga iliyo karibu na kitu, kisha kuisogeza na kuinyoosha ikikae vizuri kitu hicho. Wakati wa mafunzo, nanga yenye IoU ya 0.7 au zaidi na kitu halisi huhesabiwa kuwa imekipata. Iliyo chini ya 0.3 huhesabiwa kuwa mandhari tupu. Zilizo katikati haziingizwi kwenye hesabu ya makosa. Maumbo yanayokuja na programu ni matatu tu: mraba, na mstatili ambao upande mmoja ni mara mbili ya mwingine, umelala au umesimama.

Mtumbwi wetu ni mara sita. Nanga inayoukaribia zaidi ni ile ya saizi 64 iliyolala, yaani yenye eneo sawa na mraba wa 64 kwa 64 lakini kwa umbo la takriban pikseli 90 kwa 45. Hata ikikaa katikati kabisa ya mtumbwi, eneo la pamoja ni kama 1,810 na eneo lote kama 4,690, hivyo IoU ni 0.39. Hakuna nanga itakayofika 0.7. Kuna kanuni ya akiba inayosema kila kitu kipewe nanga yake bora hata ikiwa dhaifu, kwa hiyo mafunzo hayasimami na grafu ya makosa inashuka vizuri tu. Ila mtumbwi unafundishwa kwa nanga chache dhaifu, wakati kitu chenye umbo la mraba kinafundishwa kwa nanga kadhaa nzuri. Hapo ndipo mitumbwi inapoanza kupata alama ndogo za uhakika.

Ukiweka saizi 48 badala ya 64 na kuongeza umbo la moja kwa sita, nanga inakuwa karibu 118 kwa 20, na IoU inapanda hadi 0.96 ikikaa katikati. Lakini kitu chembamba hakisamehe: nanga hiyo hiyo ikisogea pikseli 4 tu juu au chini, IoU inashuka hadi 0.65. Kumbuka pia kwamba ukibadilisha idadi ya maumbo, sehemu ya modeli inayosoma nanga lazima iundwe upya, hivyo uzito wake uliofunzwa awali hautumiki tena. Na ngalawa msiichukulie kama mtumbwi: ile mihimili yake ya pembeni inaifanya ionekane pana zaidi kutoka juu. Pimeni visanduku vyenu wenyewe kabla ya kuchagua maumbo.

Tuseme nanga sasa ziko sawa. Mitumbwi mitatu imeegeshwa bega kwa bega, safari hii ikiwa imelala mshazari kwa nyuzi 45. Visanduku vyetu havizunguki, kwa hiyo kila mtumbwi unachukua kisanduku cha karibu 100 kwa 100, kikiwa na mchanga mwingi kuliko mbao. Jirani yake yuko pikseli 15 kulia na 15 juu. Mitumbwi yenyewe haigusani, lakini visanduku vyake vina IoU ya 0.57.

Mchujo, ambao kwenye programu huitwa NMS, hufanya hivi: huchukua kisanduku chenye alama ya juu zaidi, hufuta vyote vilivyopishana nacho kupita kizingiti, kisha huenda kwa kinachofuata. Kusudi lake ni kuondoa visanduku vingi vilivyochorwa juu ya kitu kimoja, lakini hauna njia ya kujua kama jirani ni nakala au mtumbwi mwingine.

```python
import torch
from torchvision.ops import nms

visanduku = torch.tensor([[0., 30., 100., 130.],
                          [15., 15., 115., 115.],
                          [30., 0., 130., 100.]])
alama = torch.tensor([0.91, 0.95, 0.88])
print(nms(visanduku, alama, 0.5))  # tensor([1])
print(nms(visanduku, alama, 0.6))  # tensor([1, 0, 2])
```

Kwa 0.5, mtumbwi wa katikati umefuta wenzake wote wawili. Badilisha alama, wa kwanza awe na 0.95 na wa katikati 0.91, utabaki na miwili, kwa sababu wa kwanza na wa tatu wana IoU ya 0.32 tu. Picha ile ile, mitumbwi ile ile, idadi imebadilika kwa tofauti ndogo ya alama. Hesabu inayoyumba namna hiyo kati ya picha mbili zinazofanana ni dalili ya mchujo.

Ili kuthibitisha, weka kizingiti cha mchujo cha modeli, `box_nms_thresh`, kiwe 0.99 na uchore visanduku vyote vyenye alama zaidi ya 0.5. Mtumbwi uliopotea ukitokea na kisanduku kizuri, mchujo ndio uliuondoa. Usipotokea, rudi kwenye nanga na data.

Kupandisha kizingiti hadi 0.6 kunaokoa mitumbwi hii, lakini nakala mbili za mtumbwi mmoja zenye IoU ya 0.55 nazo zitapita. Njia nyingine ni Soft-NMS ya 2017, ambayo hupunguza alama badala ya kufuta. Hapa jirani mwenye 0.91 angeshuka hadi karibu 0.40, kwa hiyo ukikata alama kwenye 0.5 utampoteza vilevile. Kwa mitumbwi ya mshazari iliyobanana, mimi ningechagua visanduku vinavyozunguka pamoja na kitu. Kuviandaa ni kazi zaidi, maana kila mtumbwi unahitaji pembe yake, lakini IoU kati ya majirani hawa inakuwa sifuri na mchujo hauna cha kufuta.