Hundi ya tarehe 31 Agosti: mwisho wake ni lini?

"Nina hundi iliyoandikwa tarehe 31 Agosti, ila nilikabidhiwa katikati ya Septemba. Benki inasema inadumu miezi sita. Nihesabu kuanzia lini?"

Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya hundi. Siku uliyokabidhiwa haihusiki. Wengi huhesabu siku 180, lakini hapa ni miezi ya kalenda. Hundi ya tarehe 10 Machi, kwa mfano, hufikia ukomo tarehe 10 Septemba. Yako ina utata kidogo kwa sababu Februari haina tarehe 31, kwa hiyo ukomo unaangukia siku ya mwisho ya mwezi huo: 28, au 29 mwaka ukiwa mrefu. Usiihesabu hadi Machi.

Nakusihi usingoje siku hiyo, maana ikiangukia Jumapili unaweza kukuta mlango umefungwa, na Jumatatu hundi imeshapitwa na muda. Benki itairudisha bila kulipa, hata kama akaunti ina pesa.

Hilo likitokea, deni halijafutika. Mrudishie aliyeiandika akupe hundi mpya. Tarehe usiiguse kabisa mwenyewe. Kuibadilisha bila idhini yake ni kughushi.